Toa kwanza, omba nyuma: namna ya kuandika bandianonsi ya shene mpya



Mliniomba nizungumze juu ya bandianonsi, ile video fupi yenye inakaa juu kabisa ya shene ya YouTube. Vijana wengi hapa mjini tuna diplome, tuna simu, kazi hakuna, na tunafungua shene. Hilo halina shida. Shida inaanza siku ya kwanza: mtu asiyekujua anafungua shene yako, anatazama sekunde chache, anatoka, na harudi tena. Leo ninataka tuzungumze juu ya zile sekunde chache tu.

Tuanze na jambo moja lenye watu wengi hawajui. Nani njo anaona bandianonsi? YouTube inakuachia fasi mbili juu ya shene. Moja ni ya watu wenye hawajajiabone, na hiyo njo bandianonsi yenyewe. Ya pili ni video ingine yenye unachagua kwa wale wenye wamekwisha kujiabone. Maana yake, binamu yako mwenye alijiabone siku ya kwanza hataikuta tena pale juu. Yenye itaikuta ni mgeni mtupu, labda mtu wa Uvira ao wa Lubumbashi, mwenye alipita kwenye video moja, akabonyeza jina lako ili aone wewe ni nani.

Sasa, ukijua hivyo, maneno mengi yanaanguka yenyewe. Hakuna haja ya kusalimia marafiki, wala kusema «kama mnavyotujua». Mgeni hakujui. Ana swali moja tu kichwani: «Hapa nitapata nini?» Tena anauliza huku mega zake zinakwisha.

Sikilizeni skripti ya namna yenye mnaonaga kila siku:

«Jambo wapendwa, karibuni sana kwenye shene yetu mpya. Sisi ni vijana wenye maono, tumeamua kuanzisha shene hii ili kuelimisha, kuhabarisha na kuburudisha jamii. Hapa mtapata mambo mengi mazuri. Musisahau kujiabone, kubonyeza kengele, kulaiki na kushea.»

Haina neno baya hata moja. Lakini jaribuni kitu kimoja: muondoe ile shene, muweke ingine ya mapishi, ya mpira, ya sala. Skripti inabaki ileile. Kama maneno yako yanaweza kukaa kwenye shene ya mtu mwingine bila kubadilisha kitu, mgeni hajajibiwa. Amesikia mambo yako wewe, maono yako na uamuzi wako, kisha ukamuomba vitu vinne. Yeye hajapata hata kimoja.

Shene ya zamani inaweza kuvumilia skripti ya namna hiyo. Iko na video 200, iko na watu wengi wenye wamejiabone, mgeni anaona hesabu anasema, bo, lazima kuna kitu. Shene mpya haina hesabu. Haina vipande vizuri vya video za zamani vya kuunganisha, haina mtu wa kuishuhudia. Kwa hiyo iko na njia moja tu ya kuonyesha kama itamfaa mtu: imfae palepale, ndani ya ile bandianonsi. Njo maana ninasema toa kwanza, omba nyuma. Mgeni akitoka bila kujiabone, atoke hata hivyo na kitu kimoja mkononi.

Tuchukue mfano mmoja tuufanye mpaka mwisho. Tuseme vijana wanne wa Bukavu wanafungua shene juu ya kupanga nyumba. Hilo ni jambo lenye linatugusa wote: garanti, kontra, komisoneri, bayeri mwenye anapandisha bei.

Mbele ya kuandika skripti, wanaandika sentensi moja tu kwenye karatasi, yenye sehemu tatu: nani, iko na shida gani, na nyuma ya kutufuata ataweza kufanya nini. Sentensi ya kwanza yenye inakuja kichwani ni hii: «Tunasaidia wananchi kujua haki zao za makazi.» Wananchi ni nani? Bayeri pia ni mwananchi. Kujua haki, halafu afanye nini? Wanaandika tena: «Kijana wa Bukavu mwenye anapanga nyumba kwa mara ya kwanza ataweza kusoma kontra na kuuliza maswali mbele ya kutoa franga.» Hiyo sasa inamuonyesha mtu. Unamuona amesimama kwenye parseli, franga mfukoni, bayeri anamngoja.

Angalieni lile neno «ataweza». Lina kazi kubwa. Kwa mambo ya nyumba, kuna sheria: Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya kupanga nyumba zisizo za kazi. Inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi 3. Mwenye shene anaweza kuvutwa kusema: «Tufuate, na hautalipa tena zaidi ya miezi 3!» Hiyo inapiga kelele nzuri, lakini hana uwezo wa kuitimiza. Wote tunajua bayeri wanaomba zaidi, na sheria iko. Kijana akiamini ile ahadi, akaenda kumpigia bayeri kelele, nyumba inapewa mtu mwingine jioni ileile, na yeye anabaki na masanduku yake barabarani. Kwa hiyo mnaahidi kile chenye kiko mikononi mwa mtazamaji mwenyewe: kujua, kusoma, kuuliza, kuandika. Hamuahidi kile chenye kinategemea bayeri.

Sasa skripti yenyewe. Nitaisoma yote, kisha tuipasue kipande kwa kipande.

«Nyumba ya dola 80 kwa mwezi. Bayeri anakuomba garanti ya miezi 6: dola 480. Ngoja kwanza.

Sheria ya Kongo ya mwaka 2015 inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi 3. Kwa nyumba hii, ni dola 240. Uliza hivi, kwa heshima: ‹Papa, tunaweza kufuata ile miezi 3 ya sheria, na tuiandike kwenye kontra?›

Anaweza kukataa. Lakini sasa unajua unazungumza juu ya nini.

Hapa, kila Jumatano, tunachukua karatasi moja ya mpangaji wa Bukavu, tunaisoma pamoja kwa dakika 5. Utajua kusoma kontra mbele ya kutia sinyatire. Utajua kuandika risiti yenye itakusaidia siku ya kuhama. Utajua maswali ya kuuliza komisoneri mbele ya kumpa franga.

Video 3 za kwanza ziko tayari hapa chini. Kama unapanga nyumba, ao unatafuta, jiabone. Kama unatafuta wiki hii, anza na ile ya kontra.»

Ni hiyo tu. Ukiisoma kwa sauti ya kawaida, bila kukimbia, unapita dakika moja kwa sekunde chache. Pimeni kwa saa ya simu, musipime kwa macho, juu kwa macho kila skripti inaonekana fupi.

Kipande cha kwanza hakina jina la shene, hakina «karibuni». Kina dola 80 na dola 480. Juu ya nini? Mgeni mwenye anatafuta nyumba anajitambua palepale, ndani ya sekunde tano. Yule mwenye hana shida na nyumba naye anajitambua: anajua kama hapa si kwake, anaenda. Musimlilie huyo. Jina la shene liko limeandikwa tayari juu ya skrini, hakuna haja ya kulipa sekunde kwa ajili yake.

Kipande cha pili njo ile zawadi. Kijana anapata sheria moja, hesabu moja, na sentensi moja ya kusema. Sentensi ya kusema njo inafanya kazi zaidi. Watu wengi wamekwisha kusikia «kuna sheria», lakini mbele ya mzee mwenye nyumba ulimi unakauka. Ukimpa maneno ya kutumia, na ukayaanza na «Papa», ameona kama munajua namna mambo yanavyokwenda hapa kwetu. Musitoe zawadi tatu. Moja inabaki kichwani, tatu zinamwagika.

Kipande cha tatu ni kifupi: «Anaweza kukataa.» Wenzenu watawaambia mkitoe, juu kinapunguza nguvu. Mkiache. Mgeni amekwisha kusikia ahadi nyingi kwenye rezo. Mtu akimwambia mpaka wa jambo lake, njo anaanza kumsikiliza.

Kipande cha ine njo ahadi. Iangalieni vizuri: kuna siku, Jumatano, kuna urefu, dakika 5, kuna vitu vitatu, na kila kimoja kimefungwa na wakati wake, mbele ya kutia sinyatire, siku ya kuhama, mbele ya kutoa franga. Mtazamaji anaweza kuwahesabia. Jumatano ikipita bila video, ataona. Hiyo inaogopesha, ninajua, na njo sababu watu wanapenda kusema «kila mara» ao «karibuni». Lakini ahadi yenye haiwezi kuvunjika haiwezi pia kuaminiwa.

Basi chagueni mwendo wenye muko na uwezo nao. Kama umeme unakuja usiku tu, na mtu mmoja kati yenu njo ana simu yenye kamera nzuri, musiahidi mara tatu kwa juma. Hesabuni kinyumenyume: siku moja ya kutafuta na kuhakikisha, siku moja ya kurekodi, siku moja ya kukata na kutuma, na siku mbili za koneksyo mbaya. Hapo juma limekwisha. Kwa hiyo ni video moja kwa juma, tena fupi.

Kipande cha mwisho kinaomba kitu kimoja tu: jiabone. Hakuna kengele, hakuna kushea. Tena kinaomba mtu fulani tu, «kama unapanga nyumba, ao unatafuta». Kisha kinafungua mlango: anza na ile ya kontra. Hapo shene mpya nyingi zinaanguka, hata zile zenye skripti nzuri. Mgeni amependa, anashuka chini kutafuta video, anakuta tupu. Ahadi imegeuka hewa. Musitangaze bandianonsi mbele ya video 3 za kwanza kuwa tayari, na zile 3 ziwe zilezile zenye mumetaja: kontra, risiti, komisoneri. Kama ile ya risiti haijakamilika, mutoe neno risiti kwenye skripti mpaka siku itakapokuwa tayari.

Namna gani mutajua kama skripti iko vizuri? Kuna vipimo viwili.

Cha kwanza munakifanya mbele ya kurekodi, na hakilipishwe. Mutafute mtu mwenye hayuko kwenye kikundi chenu, mwenye hajui mradi. Mama muuzaji, kijana wa pikipiki, jirani. Mumsomee skripti mara moja tu. Kisha mumuulize: «Hii shene itakusaidia kufanya nini?» Musimuulize kama amependa, atasema ndiyo, juu ya heshima. Akijibu «kusoma kontra» ao «kujua mambo ya garanti», skripti inatembea. Akijibu «mambo ya maendeleo», murudi kuandika. Mufanye hivyo na watu watano. Mara nyingi wa tatu anakuonyesha neno lenye linakwama. Kwa mfano mukiandika «mkataba wa upangaji», mtu anangoja kidogo; mukisema «kontra ya nyumba», anaelewa palepale.

Kipimo cha pili kinakuja nyuma ya kutangaza. Ndani ya YouTube Studio, kila video iko na mstari wenye unaonyesha fasi watu wanatokea. Musiangalie hesabu ya mara ngapi imetazamwa, juu kwenye kompyuta bandianonsi inaanza kucheza yenyewe mtu akifungua shene. Hesabu inapanda bila mtu kuchagua. Muangalie ule mstari. Ukianguka kwa ghafla kwenye sekunde ya 20, muende musikilize sentensi ya sekunde ya 20. Mara nyingi utakuta fasi mwenye kusema aliacha dola 480 akaanza kuzungumza juu yake mwenyewe.

Lakini musikimbie kuhukumu. Shene mpya inaweza kupata watazamaji 12 kwa juma. Mtu mmoja akitoka kwenda kujibu simu, mstari umeshuka zaidi ya asilimia 8. Hiyo haina maana. Mungoje watu wawe mia na kitu, kisha muamue. Na mukiona kama sentensi ya kwanza njo inafukuza watu, murekodi tena ile bandianonsi nzima. Ni dakika moja tu, inawezekana mchana mmoja.

Juu ya kurekodi, nitasema mambo mawili tu. Watu wengi wanatazama bila sauti, kwenye basi ao kwenye foleni. Kwa hiyo 80, 480 na 240 ziandikwe kubwa kwenye skrini, na maneno ya kusema kwa bayeri nayo yaandikwe, mtu aweze kusimamisha video ao kupiga kapture. Jambo la pili, sauti. Picha yenye haiko safi sana watu wanaivumilia. Sauti yenye inapotea ndani ya upepo na pikipiki hawaivumilii. Murekodi ndani ya chumba chenye kina pazia ao godoro, simu iwe karibu na mdomo. Haina gharama.

Kisha munaipandisha kama video yoyote, munafungua YouTube Studio, munaingia fasi yenye imeandikwa Personnalisation, na pale munachagua ile video iwe bandianonsi ya wenye hawajajiabone. Wenye wanatumia TikTok, hakuna fasi ya namna hiyo, lakini munaweza kupachika video juu ya profili. Skripti ni ileile. Mubadilishe tu yale maneno «hapa chini» yafuatane na kile mgeni anachokiona pale.

Swali lenye ninaulizwaga kila mara ni hili: bandianonsi ikae muda gani? Jibu: ikae muda ahadi zake ziko za kweli. Siku mutaacha Jumatano mukaenda Jumamosi, bandianonsi imekufa, hata kama ilikuwa nzuri. Siku sheria ya garanti ikibadilishwa, imekufa pia, na hiyo ni hatari zaidi, juu kuna mtu atakwenda mbele ya bayeri na maneno yenye hayako tena ya kweli. Kila miezi mitatu, mmoja wenu aisikilize kama mgeni, akiwa na karatasi, aandike kila ahadi yenye anasikia, na pembeni aandike: tulifanya, ao hatukufanya. Pale pameandikwa «hatukufanya» mara mbili, sentensi ile inatoka.

Leo jioni, kila mtu mwenye ana shene ao anafikiri kuifungua aandike ile sentensi moja ya nani, shida gani, na ataweza kufanya nini. Ailete hapa tukionana tena, na tutaisomea mtu mwenye anapita barabarani, tuone atajibu nini.